Sukari Nyekundu, Sukari Nyeupe: Halua ya Bagamoyo na Vipande Visivyonata

Mwezi Agosti mwaka 1888 maofisa wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walipandisha bendera yao Pangani, na watu wa mji wakaikataa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vilivyofuata, alikuwa na shamba la miwa katika bonde la mto Pangani. Habari ya miwa hiyo hutajwa vitabuni kwa sentensi moja, kisha msomaji hupelekwa haraka kwenye mizinga, na mwisho kwenye kitanzi kilichomuua Abushiri hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mimi nimekuwa nikirudi kwenye miwa kila mara. Nilikulia Bagamoyo katika nyumba ya wapika halua, na katika nyumba hiyo lilikuwapo swali moja lililozuka kila sukari ilipochemshwa: kwa nini halua ya mtu huyu inakatika vipande vikavu, na ya yule inang'ang'ania kisu, vidole na meno? Watu wa kwetu hulijibu kwa neno moja, mkono. Huyu ana mkono, yule hana. Jibu hilo sikulikubali tangu utotoni, na kadiri nilivyofuatilia habari za sukari, wanga na hewa ya pwani yetu, ndivyo nilivyozidi kulikataa.

Tuanze na sukari yenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Waarabu wenye mashamba ya Pangani walilima miwa kando ya mto kwa nguvu za watumwa. Miwa ilikamuliwa, na maji yake yakachemshwa ndani ya masufuria makubwa yaliyo wazi mpaka yakawa mazito. Kilichopatikana kilikuwa sukari nyekundu yenye unyevu, pamoja na asali ya miwa iliyokuwa ikichuruzika kutoka humo. Majahazi yaliipeleka Unguja, na kutoka hapo ikasambaa. Kazi ile ya moto ilikuwa ya mateso, na asiyekumbuka nani alisimama mbele ya masufuria yale hajaijua historia ya utamu wa pwani hii.

Sukari nyekundu si sukari nyeupe iliyotiwa rangi. Ndani yake mna mabaki ya asali ya miwa, na katika asali hiyo mna sukari za aina nyingine, zile zilizomo pia katika asali ya nyuki na matunda. Sukari hizo zina tabia mbili. Huzuia sukari ya kawaida isigeuke chenga baada ya kupoa, kwa hiyo chochote kinachopikwa kwa sukari nyekundu hubaki laini siku nyingi. Pia hupenda maji. Huyavuta kutoka hewani usiku na mchana, na chakula chenye sukari hizo nyingi hakikauki juu hata ukikiweka sinia zima kivulini wiki nzima. Kwa hiyo mpishi wa Bagamoyo wa mwaka 1880, hata angekuwa hodari namna gani, asingeweza kutoa kipande cha mraba kikavu kwa sukari ya Pangani. Alichoweza kutoa ni halua.

Halua ilikuja na watu wa Oman. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, na maliwali na wafanyabiashara wa Kiomani walipokaa katika miji ya mrima, Bagamoyo, Saadani, Pangani, walikuja na desturi ya kumkaribisha mgeni kwa halua na kahawa chungu. Kule Oman hupikwa katika chungu kikubwa cha shaba, kwa wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na maji ya waridi, na hukorogwa saa mbili au zaidi bila kupumzika. Bagamoyo ilikuwa mji wa kufaa kuipokea. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia hapo, Wahindi wa Kachi walikuwa na maduka yao, na kila mwaka pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni na pwani ya Banadir, mengine yakiwa na samli. Iliki na zafarani zilipitia Unguja. Kitu kimoja tu hakikuhitaji jahazi, nacho ni wanga.

Neno wanga leo tunalitumia shuleni kwa chakula chochote cha kutia nguvu, ugali, wali, viazi. Zamani pwani lilikuwa na maana ya karibu zaidi. Uwanga ni mmea unaoota wenyewe kwenye mchanga wa pwani na visiwani, wenye jani pana lililopasuka kama mwavuli uliochakaa, na chini yake kiazi cha mviringo. Majani yakishakauka, kiazi huchimbwa. Kikiwa kibichi ni kichungu na hakiliki. Hukunwa, hutiwa maji mengi, huchujwa kwa kitambaa, na maji yale meupe huachwa yatulie. Unga mweupe hushuka chini, maji machungu humwagwa, mengine hutiwa, na kazi hiyo hurudiwa mpaka uchungu uishe. Unga uliobaki, ukianikwa juani, ndio wanga. Muhogo nao, uliokuja na Wareno kutoka Brazili, hutoa wanga kwa njia hiyo hiyo, na kwa kuwa muhogo hulimwa wala hautafutwi porini, polepole ulichukua nafasi.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu hapa ndipo historia yote inapopita. Chembe ya wanga ni kama mfuko mdogo uliofungwa. Ukiuweka katika maji baridi hauyeyuki, hukaa chini tu. Maji yakipata moto wa kutosha, bado hayajachemka, mfuko hunywa maji, huvimba, kisha hupasuka na kutoa nyuzi zake. Nyuzi hizo zikishikana ndipo uji unapokuwa mzito, na unapopoa ndipo unapokuwa kitu cha kukatika. Lakini sukari nayo inataka maji. Ukimwaga sukari yote na wanga wote pamoja katika maji machache, sukari hushinda, wanga hubakia umevimba nusu, na halua hutoka na ladha ya unga mbichi na rangi ya ukungu. Ndiyo maana wapishi wote wa halua huanza na maji mengi kuliko wanayotaka kubaki nayo. Wanga lazima upewe maji ya kutosha kwanza. Kisha maji hayo hayo lazima yaondoke, na hayana njia ya kuondoka ila kwa mvuke.

Hiyo ndiyo sababu ya zile saa mbili. Wengi hudhani wanga ndio unaotaka muda mrefu wa kuiva. Wanga ukiwa na maji huiva katika dakika chache. Saa zilizobaki ni za kufukuza maji, na zinakuwa nyingi kwa sababu kitu kizito hakitoi mvuke upesi na hakivumilii moto mkali. Moto ukizidi, chini huungua kabla juu hakujakauka. Mpishi anakoroga ili kila sehemu ipate zamu ya kugusa sufuria na zamu ya kugusa hewa.

Katika halua ya Kiomani samli hutiwa kidogo kidogo katika safari hiyo. Mwanzoni humezwa yote. Maji yanapopungua, halua huanza kuachana na ukuta wa sufuria na kufuata mwiko kama donge moja linalong'aa, na mwishoni samli hutokeza pembeni. Wazee wa kwetu husema halua imetema. Ikishatema huwekwa lozi au korosho na kumiminwa. Haihitaji unga wowote juu yake, maana samli imeshaifunika kila upande. Huliwa kwa vidole, na kunata kidogo hakuhesabiwi kuwa kasoro. Kwa maoni yangu hili ndilo lililoifanya halua ikae pwani hii bila kusumbuliwa na masika: ilikuja na koti lake la mafuta, na maji ya hewani hayapiti kwa urahisi kwenye mafuta.

Vipande vikavu vina nasaba nyingine. Nyumba ya Haji Bekir ya Istanbul inautaja mwaka 1777 kuwa wa kufunguliwa kwa duka lake la vitu vitamu. Waturuki wa zamani walipika peremende laini kwa asali au asali ya zabibu, wakizigandisha kwa unga wa kawaida. Karne ya 19 ilipoanza, sukari nyeupe iliyosafishwa na wanga safi vilipatikana kwa wingi zaidi, na kutoka kwavyo ikazaliwa lokumu kama tunavyoijua, yenye kupitisha mwanga, iliyokatwa mraba na kuvingirishwa katika unga mweupe. Jina lake la Kiarabu lina maana ya raha ya koo, na Mswahili hahitaji kamusi kwa nusu yake ya kwanza.

Sukari nyeupe peke yake ina ubaya wake. Kwa kuwa haina zile sukari nyingine, shira yake ikiwa nzito hupenda kugeuka chenga. Mpishi wa lokumu hutia tone la kitu kikali, ndimu au asidi ya zabibu. Ukali huo, pamoja na moto, huvunja sehemu ndogo ya sukari nyeupe na kuigeuza kuwa zile zile sukari za asali. Kwa maneno mengine, mpishi anairudishia sukari nyeupe kidogo ya ile tabia iliyokuwa katika sukari nyekundu, ila safari hii yeye ndiye anayeamua kiasi. Ndimu ikipungua, vipande huwa na mchanga mdomoni baada ya siku mbili. Ikizidi kuna hasara mbili kwa pamoja: sukari za kuvuta maji zinakuwa nyingi, na ukali uliobaki unazikatakata nyuzi za wanga, kwa hiyo kitu hakishiki. Nimeona watu wakiongeza ndimu kila halua inaponata, wakidhani inasaidia, na wakashangaa ya pili kunata kuliko ya kwanza.

Bagamoyo haikupata sukari nyeupe kwa wingi siku ya utukufu wake. Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati iliyoanzia huko ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya wapagazi ikafa. Mji ukabaki na minazi, uvuvi, misikiti yake na misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868. Halua haikufa, kwa sababu ilikuwa imeshaingia katika harusi, Idi na Maulidi, na shughuli hizo hazikuhama na serikali. Sukari nyeupe ilizidi kuzoeleka wakati wa Waingereza, kutoka nje na baadaye kutoka mashamba ya Arusha Chini, na baada ya Uhuru kutoka Kilombero. Pamoja nayo yakaja makopo ya konflawa, yaani wanga wa mahindi. Maduka ya Wahindi mijini yalikuwa na halua yao ya konflawa, ngumu kidogo, inayokatwa kwa kisu. Mpishi wa pwani aliyezoea muhogo alipoiona, akajua kuna jambo.

Wanga wa muhogo na wanga wa mahindi havifanani. Uji wa muhogo ukiiva huwa angavu na hunyumbuka, ukiinua mwiko unafuata kama uzi, na ukipoa hubaki na mvuto ule ule. Uji wa mahindi huwa na weupe, mfupi, na ukipoa hukaza na kukatika. Tofauti ni katika nyuzi. Wanga wa mahindi una sehemu kubwa zaidi ya zile nyuzi ndefu zilizonyooka, ambazo zikipoa hulala pamoja na kukazana. Muhogo una chache. Halua ya samli inapata uzuri wake kutoka kwa mnyumbuko wa muhogo. Kipande cha mraba kinataka mahindi.

Niliyajua haya kwa macho kabla ya kuyajua kwa maneno, mwaka 1983. Wanaokumbuka mwaka huo hawahitaji kuelezwa. Vita na Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi haina fedha za kigeni, sukari na sabuni zilipangiwa foleni, na serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mama mkubwa wangu alikuwa ameombwa vipande vya harusi ya jirani. Bibi harusi alikuwa amevila Mombasa na alivitaka vile vile, vikavu, vyeupe kwa unga. Sukari iliyopatikana ilikuwa kilo mbili na kidogo tu. Samli haikuwapo.

Kilo ya kwanza aliipika kwa wanga wa muhogo, kwa jicho, kama alivyozoea. Ilinata. Kesho yake kisu kilizama na hakikutoka, na vipande viwili vilivyokatwa viligeuka kimoja tena kabla ya adhuhuri. Tuliila kwa kijiko, watoto hatukulalamika. Yeye alikaa kimya jioni nzima, maana kilo ya sukari mwaka ule haikuwa kitu cha kujaribia.

Konflawa haikuwapo madukani, basi aliutengeneza wanga wa mahindi mwenyewe. Mahindi yaliyokobolewa yalilowekwa siku mbili, yakasagwa na maji yake kwenye jiwe, yakachujwa kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa, na maji yale yakaachwa usiku katika beseni. Asubuhi chini kulikuwa na tabaka mbili, ya juu ya manjano na ya chini nyeupe. Ile ya manjano si wanga, ni ile sehemu ya mahindi inayofanana na nyama, na ikibaki huipa halua ukungu na harufu. Aliikwangua kwa kijiko, akaosha nyeupe mara mbili zaidi, akaianika.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake. Akaniambia, "Mwanangu, nenda dukani kwa mjomba wako, mwambie naomba mizani mpaka magharibi." Mizani ya mawe, ya sahani mbili. Akapima sufuria tupu pamoja na mwiko wake. Akapima sukari kilo moja na wanga gramu 160. Maji lita moja na nusu, ambayo ni kilo moja na nusu. Jumla ya vilivyoingia ilikuwa kilo 2 na gramu 660, mbali na sufuria.

Nusu lita ya maji aliichemsha na sukari na maji ya nusu ya ndimu, moto wa wastani, kama robo saa, mpaka tone lake likidondoshwa katika maji baridi likawa donge laini linalobonyezeka kati ya vidole. Lita iliyobaki aliikoroga na wanga wakati bado ni baridi, kisha akaiweka motoni peke yake, akikoroga, mpaka ikawa nzito, ikaacha weupe na kububujika kama uji wa mgonjwa. Hapo tu ndipo alipoanza kuimimina ile sukari moto, upawa mmoja kwa mmoja, kila mmoja ukichanganyika kabla ya kuja mwingine. Nilimuuliza kwa nini asiweke vyote pamoja mara moja. "Wanga unywe kwanza," akasema. "Ukishalewa sukari haunywi tena maji."

Ilikuwa saa moja ya kukoroga na ilionekana imeiva. Mwiko ulisimama wenyewe, pembeni ilikuwa inaachana na sufuria. Kwa jicho, angeimimina. Akaiweka kwenye mizani. Ilikuwa kilo 1 na gramu 650. Akafikiri kidogo, akairudisha motoni, akapunguza kuni. Baada ya kama nusu saa nyingine ilikuwa na rangi ya asali hafifu, na ilipodondoshwa katika maji baridi haikuacha utando kidoleni. Mizani ilisema kilo 1 na gramu 450. Akaimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta ya nazi kidogo, kina cha vidole viwili, akaiacha mpaka kesho yake bila kuifunika kwa kifuniko.

Hesabu yake nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo. Katika kilo 1 na gramu 450, sukari na wanga ni kilo 1 na gramu 160, na maji ni gramu 290, yaani sehemu moja kati ya tano. Katika gramu 1,650 maji yalikuwa gramu 490, karibu sehemu tatu kati ya kumi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni gramu 200, glasi ndogo ya maji ya kunywa. Glasi hiyo ndiyo inayoitwa mkono. Jicho haliioni, kwa sababu halua ikiwa ya moto huonekana imekauka kabla haijakauka. Mizani inaiona. Mama mkubwa hakuwahi kunieleza alikotoa wazo lile, lakini alikuwa amezoea kuuza samaki wakavu, na muuza samaki anajua kwamba kitu kinachokauka hupungua uzito.

Kesho yake alikata kwa kisu kilichopakwa mafuta, akishusha kisu moja kwa moja bila kukivuta, kwa sababu kukivuta hunyofoa pembeni. Vipande vilikatika. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na hapa ndipo Bagamoyo inapotofautiana na Istanbul.

Unga unaonyunyiziwa lokumu kwingineko ni sukari ya unga kwa wingi, na wanga kidogo, kama sehemu moja kwa nne. Sukari kavu hubaki kavu mpaka hewa ifikie unyevu wa asilimia 85 hivi. Ikipita hapo, chembe za sukari huanza kunywa maji ya hewani na kuyeyuka zenyewe. Asubuhi za masika Bagamoyo, kuanzia Machi mpaka Mei, hewa hupita kiwango hicho mara nyingi. Kipande kilichovikwa sukari tupu wakati wa magharibi kinakuwa na jasho kufikia alfajiri, na mtu hulaumu mpishi kumbe ni anga. Wanga unastahimili zaidi, kwani hunywa unyevu bila kuyeyuka. Mama mkubwa aliponda sukari kidogo kwenye kinu, akaichekecha kwa kitambaa chepesi, akachanganya na wanga nusu kwa nusu. Kabla ya hapo aliukaanga wanga huo katika kikaango kikavu, moto mdogo, bila kuubadilisha rangi, maana hata wanga mkavu wa kopo au wa kuanikwa una maji yake. Wanga uliofukuzwa maji ndio wenye nafasi ya kunywa mengine.

Vipande alivilaza juu ya tabaka la unga huo, vikiwa mbalimbali, akavinyunyizia juu, na kuviacha siku nzima ndani ya nyumba, mbali na jiko na dirisha la upande wa bahari. Unga wa kwanza ulilowa na kushika kama ngozi. Akaupangusa, akavivingirisha mara ya pili katika unga mpya. Ngozi ile ya kwanza ndiyo inayozuia kunata, na wa pili ni wa sura tu. Wanaovingirisha mara moja na kufunga ndani ya mfuko wa plastiki vikiwa bado na joto hufungia mvuke humo humo, na jioni huwa wana donge.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na manung'uniko kwamba vipande havina samli na havinuki halua, na mzee mmoja alikataa kabisa kuviita kwa jina hilo. Nadhani alikuwa na haki. Ni nasaba mbili. Moja imetoka Maskati na sukari nyekundu na wanga wa mchangani, na inataka kunyumbuka. Nyingine imetoka Istanbul na sukari nyeupe na mahindi, na inataka kukatika. Makosa mengi niliyoyaona katika majiko ya Magomeni na Dunda, hapa Bagamoyo, ni ya mtu kuchanganya nasaba: kuchukua wanga wa muhogo na kutaka miraba, kuchukua sukari guru na kuvingirisha katika unga, au kutia samli katika vipande vinavyotakiwa kushika unga, na unga ukageuka utando mzito wa kijivu.

Leo miwa imerudi jirani. Kiwanda cha sukari cha kampuni ya Bakhresa kiko Makurunge, wilaya hii hii ya Bagamoyo, na sukari nyeupe ambayo bibi zetu waliingojea kwa jahazi hutoka mwendo mfupi kwa gari. Konflawa iko kila duka. Kilichopungua ni uwanga. Mmea bado unaota kwenye mchanga, lakini wengi wa vijana wanaoupita hawajui kwamba kiazi kile cha chini, kikioshwa vya kutosha, kilikuwa nusu ya halua ya mji huu, na sijaonja halua ya uwanga tangu nikiwa mtoto. Kama wewe ni mtu wa Bagamoyo, Saadani au Pangani na nyumbani kwenu bado yuko bibi aliyewahi kuuchimba, kuukuna na kuupikia, nakuomba ukae naye siku moja na daftari. Muulize aliosha maji mangapi mpaka uchungu ukatoka, alitia uwanga kiasi gani kwa kilo ya sukari, na ilipoiva ilivuta kama muhogo au ilikatika kama mahindi. Na ukiweza, peleka mizani.